Presha ya macho, kioo cha simu na herufi moja iliyopotea

Huu ni mwaka wa tatu tangu daktari aniambie kwamba nina presha ya macho. Watu wengi wakisikia kwamba macho yangu yana tatizo hudhani kwamba ninaona ukungu, kama mwenye mtoto wa jicho, na kwamba dawa yake ni kukuza kila kitu. Sivyo. Presha ya macho huharibu neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na kwa kawaida huanza kula uwanda wa kuona kutoka pembeni, ikiiacha sehemu ya katikati hadi mwishoni. Ninaweza kusoma saa iliyotundikwa ukutani, kisha nikapiga goti kwenye kigoda kilichokuwa chini yake. Kile ninachokiona ninakiona vizuri. Shida ni kwamba ninakiona kupitia tundu.

Ninalieleza jambo hili mapema kwa sababu bila hilo hadithi ya simu yangu haieleweki. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi Muheza, alikuja Tanga wakati wa likizo akanikuta nimeishika simu mbele ya pua nikiihangaikia. Kwa upendo kabisa akaichukua, akaingia Settings, akafungua Accessibility, kisha Display size and text, akasukuma kitelezi cha Font size mpaka mwisho, halafu cha Display size nacho mpaka mwisho. Akanirudishia akisema, "Mjomba, sasa utasoma hata ukiwa unasinzia."

Siku ile nilimshukuru. Baada ya wiki moja nilikuwa ninasoma polepole kuliko nilivyosoma kabla hajaja, na kichwa kilikuwa kinaniuma kila jioni. Nilidhani macho yameharibika zaidi, na nusura nirudi kliniki kabla ya tarehe yangu.

Kilichonifungua macho, kama nitaruhusiwa kusema hivyo, ni ujumbe wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa uliokuwa na neno "tunawakumbusha". Neno hilo lina herufi kumi na nne. Kwa ukubwa ule alioweka mpwa wangu, mstari mmoja wa kioo changu ulibeba herufi kumi na tano hivi, kwa hiyo neno moja lilijaza mstari mzima. Nami, kupitia lile tundu langu, nilikuwa ninapata herufi sita au saba kwa mara moja. Nikaona "tunawa", nikasogeza jicho, nikaona "kumbu", nikasogeza tena, nikaona "sha", na wakati huo nilikuwa nimekwisha sahau kwamba mwanzo ulikuwa "tuna" na si "wana". Maneno ya Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kitenzi ndani ya pakiti moja. Mwingereza akikuziwa maandishi bado maneno yake mafupi mafupi hutoshea kwenye tundu. Sisi neno letu hukatika katikati, na mara nyingi sehemu inayobaki nje ndiyo iliyobeba maana.

Dada yangu hali yake ni kinyume cha yangu. Yeye kisukari kimemharibu sehemu ya katikati ya jicho, ile inayoona vitu vidogo, na pembeni amebaki salama. Anatembea sokoni Muheza bila kugonga mtu, ila sura ya anayemsalimia inamponyoka mpaka asikie sauti. Kwake yeye herufi kubwa kabisa ni msaada wa kweli, kwa sababu herufi ikiwa kubwa sehemu zake humwagika nje ya doa lililokufa na kuangukia mahali panapoona. Mpwa wangu alikuwa amejifunza kutoka kwa mama yake, na kosa lake lilikuwa kudhani kwamba macho mabovu yote ni ya ukoo mmoja.

Basi nikaamua kupima mwenyewe. Wataalamu wanaopima usomaji wa watu wenye uoni hafifu wamegundua jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulijaribu nyumbani: ukianza na maandishi madogo sana na kuyakuza hatua kwa hatua, kasi ya kusoma hupanda haraka, halafu hufika mahali ikasimama. Kuanzia hapo, kukuza zaidi hakukuongezei kitu. Ukubwa ule wa kwanza ambapo kasi inaacha kupanda ndio unaoutafuta. Kwa mtu mwenye tundu kama mimi kuna jambo la ziada, kwamba ukiendelea kukuza kasi haisimami tu bali huanza kushuka.

Nilichukua makala ndefu ya gazeti niliyoihifadhi kwenye simu, nikairudisha Font size kwenye hatua ya kawaida, nikasoma kwa sauti dakika moja kwa saa ya mkononi, kisha nikahesabu maneno. Nikapandisha hatua moja, nikasoma aya iliyofuata, nikahesabu tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ni muhimu kusoma aya mpya kila mara, kwa sababu ukirudia ile ile utakuwa unasoma kwa kumbukumbu. Kwenye hatua ya kawaida nilisoma maneno arobaini na kitu. Hatua mbili juu yake nikavuka sabini. Hatua iliyofuata nikabaki sabini. Kwenye ile ya mwisho, ile ya mpwa wangu, nikaanguka chini ya hamsini. Nikarudi kwenye hatua ya pili juu ya kawaida na sijaihama tangu siku hiyo. Jaribio lote lilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na lilinisaidia kuliko miezi miwili ya kuulizana ukubwa gani unafaa.

Wakati wa kupima niligundua pia kwamba vile vitelezi viwili si kitu kimoja. Font size hukuza maandishi peke yake. Display size hukuza kila kitu, pamoja na vitufe, picha ndogo na nafasi zilizo kati yao, na kwa hiyo hupunguza vitu vinavyotosha kwenye kioo. Vikifika mwisho vyote viwili, baadhi ya programu hushindwa. Programu moja ya kulipia bili ilikuwa inanionyesha kiasi na jina la mlipwaji, lakini kitufe cha kuthibitisha kilikuwa kimesukumwa chini ya ukingo wa kioo, na ukurasa wenyewe haukukubali kuvutwa juu. Nilikaa nikiamini kwamba mtandao uko chini. Dalili ya kosa hili ni kwamba kila kitu kinaonekana kimekamilika, hakuna onyo lolote, na bado huna mahali pa kubonyeza. Ukilikuta, punguza Display size hatua moja moja kabla ya kumlaumu mtu. Tangu Android 14 iliyotoka mwaka 2023 maandishi yanaweza kukuzwa mpaka asilimia 200, na waliolitengeneza toleo hilo walifanya jambo la busara: maandishi madogo hukua sana, lakini vichwa vya habari ambavyo tayari ni vikubwa havikui kwa kiwango hicho hicho, ili visiumeze ukurasa.

Kuna suala la umbali, ambalo nashangaa kwamba watu hulisahau. Ukiisogeza simu kutoka sentimita 40 hadi 20, picha inayoingia jichoni inakuwa kubwa mara mbili, sawasawa na kukuza maandishi kwa asilimia 200. Lakini miwani ya kusomea ya +2.50 imekusudiwa kwa sentimita 40. Kwa sisi wazee ambao lenzi ya jicho haijikunji tena, kwa sentimita 20 tunahitaji +5.00, na bila hiyo tunapata herufi kubwa zenye ukungu. Dada yangu alikuwa anaisogeza simu karibu kwa miwani ile ile ya zamani, na alipoacha kuisogeza na badala yake akakuza maandishi, ukungu uliondoka. Mimi hufanya kinyume: nikikutana na picha yenye maandishi makubwa, tangazo la msiba kwa mfano, ninaisogeza simu mbali mpaka neno zima liingie kwenye tundu.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Kwenye menyu hiyo kuna High contrast text, ambayo huzipa herufi mpaka mweusi au mweupe ili zisizame kwenye rangi ya nyuma yake, nami niliiwasha na kuiacha. Mandhari meusi yananipunguzia mwanga unaochoma jioni. Usiyachanganye na Color inversion, ambayo hugeuza rangi zote pamoja na picha, hata mjukuu akaonekana kama kipande cha filamu kabla ya kusafishwa.

Jioni, hata kwa ukubwa uliopimwa, macho yangu huchoka. Hapo ndipo nilipohamia kwenye sikio, nalo nililianza vibaya. Mpwa wangu aliniwashia TalkBack, kile kisoma skrini kinachokuja na simu nyingi za Android, akaondoka kwenda stendi. Nikagusa alama ya simu ili nimpigie. Sauti ikasema jina la alama, basi. Nikagusa tena, ikasema tena. Nikajaribu kuvuta ukurasa kwa kidole kimoja, haukusogea. Simu ikaita, nikashindwa kuipokea. Nilijiona kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe na kitasa kikiwa kimehamishiwa upande mwingine wa mlango.

Kitasa kweli kilikuwa kimehamishwa. TalkBack ikiwaka, kugusa mara moja ni kuuliza, "Hiki ni nini?" Kufungua ni kugusa mara mbili haraka, popote kwenye kioo, baada ya kitu chenyewe kutajwa. Kidole kimoja kikifagia kuelekea kulia kinakupeleka kwenye kitu kinachofuata, na kikifagia kushoto kinakurudisha. Kuvuta ukurasa kunahitaji vidole viwili, na kufungua kioo kilichojifunga vilevile ni vidole viwili kwenda juu. Simu ikiita, gusa mara mbili kwa vidole viwili. Na ukitaka sauti inyamaze, gusa mara moja kwa vidole viwili. Haya ningependa mtu aandike kwenye karatasi kwa kalamu nene kabla ya kumwashia mzee TalkBack, na juu kabisa aandike njia ya kutokea: bonyeza kwa pamoja vitufe vyote viwili vya sauti vilivyo ubavuni, uvishikilie sekunde chache. Njia hiyo ya mkato lazima iwe imeruhusiwa mapema kwenye ukurasa wa TalkBack, kwa hiyo ijaribiwe mara mbili kabla ya anayejua hajaondoka.

Kuna zana nyingine kwenye menyu hiyo hiyo inayoitwa Select to Speak, na nasikitika kwamba hakuna aliyeniambia habari zake mwanzoni. Kwa mtu ambaye bado anaona kiasi, nadhani hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Haibadilishi namna ya kugusa simu. Kinabaki kitufe kidogo pembeni; ukikigusa, kisha ukagusa aya, au ukaburuta kidole kuizunguka, inasomwa kwa sauti huku maneno yakipakwa rangi kadiri yanavyosomwa. Mchana ninatumia macho, nikikutana na ujumbe mrefu ninaukabidhi kwa kitufe hicho, na TalkBack ninaiwasha usiku tu, macho yanapokuwa yamefunga duka.

Sauti yenyewe ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Simu yangu ilipotoka dukani ilikuwa na sauti ya Kiingereza, na sauti hiyo haikatai kusoma Kiswahili; inakisoma kwa kanuni zake. Nilipokea ujumbe wa jirani, aliyeandika i moja badala ya mbili: "Pole sana. Ukifika unite." Nilichokisikia kilikuwa "pol", kisha kitu kama "yunait", nikadhani jirani ananihubiria umoja. Maneno mengi yetu yamevaa sura ya Kiingereza bila kukusudia: wake, mate, tone, hata mji wa Same kule Kilimanjaro. Maneno ambayo hayafanani na Kiingereza sauti hiyo huyavunja kiasi kwamba unajua mara moja kwamba kuna kosa. Ni haya yanayofanana ndiyo ya hatari, kwa sababu yanasikika kama maneno kamili, na wewe unabaki ukitafuta maana isiyokuwepo.

Dawa iko kwenye Text-to-speech output, ndani ya Accessibility. Mtambo unaochagua ni ule wa Google, uliokuwa ukiitwa Speech Services by Google, kisha kwenye alama ya gia iliyo pembeni yake unafungua Install voice data na kutafuta Kiswahili. Sauti ikishapakuliwa inasoma bila intaneti. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo mashine haihangaiki kukisia matamshi kama inavyohangaika kwenye Kiingereza. Kinachonikera ni upande wa pili wa sarafu: sasa jina la Kiingereza ndani ya ujumbe ndilo linalosomwa kwa silabi za Kiswahili. Nimelizoea. Pia nilishusha Speech rate chini ya kawaida kwa mwezi wa kwanza, kisha nikaipandisha kidogo kidogo, na sasa mke wangu anasema simu yangu inaongea kama mtangazaji wa mpira.

Tarakimu zinahitaji tahadhari ya peke yake. Namba ya simu inaweza kusomwa kama idadi moja kubwa ya mamilioni, na hakuna binadamu anayeweza kuishika kichwani. Saa ya 20:00 kwangu husomwa kama ishirini, ilhali kichwani mwangu ni saa mbili usiku, na bado ninatoa kumi na mbili, kisha sita, kwa vidole. Kwa namba ninabadilisha namna ya kusoma: ndani ya TalkBack, kufagia kwa vidole vitatu juu au chini hubadilisha kipimo kati ya herufi, neno, mstari na vingine, na nikiweka Characters, kidole kimoja kikifagia chini kinanisomea tarakimu moja moja. Salio na kiasi cha kutuma sikithibitishi kamwe bila kufanya hivyo, kwa sababu elfu kumi na tano na laki moja na nusu hutofautiana kwa sifuri moja tu.

Menyu za pesa za kupiga nyota na reli zina shida yake. Kipindi cha kujibu kinaamuliwa na mtandao, wala hakijali kwamba msomaji wako bado yuko kwenye mstari wa tano kati ya minane. Mara kadhaa nilijibu na kuambiwa kwamba muda umekwisha. Nilichofanya ni kukaa na mpwa wangu bila kutuma chochote, nikaiandika menyu yote na kukariri namba za hatua tatu ninazozitumia. Sasa menyu inapofunguka ninainyamazisha sauti kwa vidole viwili, ninaandika namba ninayoijua, na kusikiliza ukurasa wa mwisho tu, ule wenye jina na kiasi. Namba ya siri ninaiingiza nikiwa na spika za masikioni, na kwenye mipangilio ya TalkBack nilihakikisha Speak passwords imezimwa, kwa maana sitaki dala dala nzima ijue ninachobonyeza.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa muda mrefu, na wanafunzi wangu waliichukia imla kuliko adhabu yoyote. Sasa ninaisomea imla simu. Kibodi ya Gboard ina alama ya kipaza sauti, na tangu mwaka 2017 uandishi wa sauti wa Google unakubali Kiswahili. Sharti ni kwanza kukiongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, na kuhakikisha kibodi iko kwenye lugha hiyo kabla ya kugusa kipaza sauti. Ukisahau utaongea Kiswahili na kupata shairi la Kiingereza lisilo na kichwa wala miguu. TalkBack nayo ikiwa inaongea kwa spika ya nje, kipaza sauti huisikia na kuiandika, kwa hiyo spika za masikioni ni lazima. Nikinyamaza kutafakari, usikilizaji hukatika. Nimejifunza kuitunga sentensi nzima kichwani kwanza, kisha kuitamka bila kusita, jambo ambalo niliwaambia wanafunzi wangu walifanye na wao hawakunisikiliza.

Makosa ya imla ya simu hayafanani na ya wanafunzi. Mwanafunzi hukosea herufi. Simu huandika maneno sahihi ambayo siyo niliyoyasema. Huyatenganisha yanayopaswa kushikana, "nakupa" ikawa "na kupa", na hilo halinisumbui, msomaji ataelewa. Majina ya watu na ya vijiji huyageuza kuwa maneno ya kawaida. Lakini kosa lililonifundisha lilikuwa dogo kuliko hayo yote.

Dada alikuwa na miadi ya kuchunguzwa macho siku ya Jumatatu, na kliniki ilinipigia mimi simu kwa kuwa namba yangu ndiyo iliyokuwa kwenye kadi yake. Waliniambia kwamba daktari amesafiri. Nikamwandikia dada kwa sauti: "Dada, shikamoo. Daktari hatakuja Jumatatu. Subiri wiki ijayo." Nikaiamuru simu inisomee kabla sijatuma, kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu. Ikasoma, nikasikia kile nilichotarajia kusikia, nikatuma.

Jumatatu dada alipanda basi la alfajiri kutoka Muheza, akakaa kwenye benchi la kliniki mpaka saa tano. Aliponipigia sauti yake ilikuwa ya utulivu ule ambao kwa dada zetu wakubwa ni mbaya kuliko kelele. "Mdogo wangu," akasema, "umeniandikia mwenyewe kwamba daktari atakuja."

Nikaufungua ujumbe, nikausoma herufi moja moja. A, t, a, k, u, j, a. Herufi h haikuwepo. Nikarudia kuitamka sentensi ile kwenye ukurasa mtupu mara kumi, kwa mdomo wangu wa kila siku. Mara saba ikaandika "hatakuja" na mara tatu "atakuja". Nilipojisikiliza nikatambua kwamba katika mazungumzo ya haraka h yangu ni pumzi tu, na mashine haina kosa kubwa hapo. Ubaya ni kwamba mtego uko pande zote mbili. Mdomo wangu hauitamki vizuri, kipaza sauti hakiishiki vizuri, na sauti inaponisomea, "hatakuja" na "atakuja" zinapishana kwa mvumo mdogo ambao sikio linalotarajia kukanusha linaujaza lenyewe. Maneno mengine yaliyobaki yalikuwa sawa, hata nukta, na dada wala mtu mwingine yeyote asingeweza kujua kwamba sentensi imegeuzwa. Hali ni ile ile kwa "hatalipa" na "atalipa": nguzo nzima ya ukanushi imeegemezwa kwenye mwanzo wa neno, mahali ambapo msemaji ndio kwanza anafungua mdomo.

Tangu hapo nimebadilisha Kiswahili changu cha imla. Sikanushi tena kwa kiambishi kinachoacha neno kamili h ikidondoka. Ninasema "daktari hayupo", kwa sababu "ayupo" si neno, na simu haina la kuchagua ila lile sahihi. Au ninasema "safari imeahirishwa", "fedha zimekosekana", "mkutano umefutwa", nikiuweka ukanushi ndani ya mzizi wa kitenzi ambako hauwezi kudondoka. Pale ninapolazimika kutumia "hata-" au "hawata-", ninasimama kwenye neno hilo, ninaweka kipimo cha Characters, na kusikiliza herufi ya kwanza peke yake. Kwa ujumbe wa kawaida inachukua sekunde chache.

Nilimweleza dada haya yote kwa simu, nikidhani kwamba maelezo ya kiisimu yatamtuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Wiki iliyofuata kliniki ikanipigia tena kuhusu tarehe mpya, nami nikamwandikia, kwa uangalifu wote, kwamba daktari yupo Alhamisi. Jibu lake lilifika baada ya dakika moja, naye ameliandika kwa imla vilevile, na sauti ikanisomea kwa ule mwendo wake wa mtangazaji wa mpira: "Nimeona. Sasa niandikie neno moja tu. Ndiyo au hapana."